"Fungua uchawi" au "Umetuletea nini?": kaulimbiu moja ya Krismasi, njia nne za kuileta Nairobi

Kaulimbiu ya Krismasi ya kampuni ya kimataifa hufika Nairobi ikiwa imeshaiva. Picha zimepigwa, muziki umetungwa, rangi za bango zimeamuliwa, na kilichobaki ni mstari mmoja wa barua pepe kwa watu wa huku: tupeni ya Kiswahili kufikia Ijumaa. Mwandishi wa matangazo ana njia mbili hapo. Ageuze maneno, au aulize maneno yale yalikuwa yanafanya kazi gani kisha atafute Kiswahili kinachofanya kazi hiyo hiyo. Nimechukua kaulimbiu moja nikaziweka bavuni kwa bavuni tafsiri zake nne, maana ukiisoma moja peke yake karibu zote zinapita.

Bidhaa ni mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo ambao biskuti zikiisha hugeuka makao ya sindano na nyuzi. Kampuni sitaitaja. Kaulimbiu yake ya Kiingereza ina maneno matatu: la kwanza ni kitenzi cha kuvua karatasi inayofunika zawadi, la pili ni kile kijineno cha Kiingereza cha kuonyesha kwamba kitu kinajulikana, ambacho sisi hatuna wala hatukihitaji, na la tatu ni neno ambalo ukilitafuta kwenye kamusi utaambiwa ni uchawi. Chini yake, kwa herufi ndogo, imeongezwa "msimu huu". Picha ni mkono wa mtoto ukirarua karatasi nyekundu.

Wagombea ni hawa:

Fungua uchawi msimu huu.
Fungua maajabu msimu huu.
Umetuletea nini?
Sikukuu huanza ukifika.

Wa kwanza ni tafsiri sisisi, neno kwa neno. Wa pili ni huyo huyo akiwa amesuguliwa kidogo. Wawili wa mwisho wameandikwa upya.

Wa kwanza hatuhitaji kukaa naye sana, ila inafaa kuona vizuri kinachomwangusha. Neno la Kiingereza lina nyuso mbili, moja ya mganga na moja ya mtoto anayetazama taa zinazomeremeta. Uchawi wa Kiswahili una uso mmoja tu, na uso huo unadhuru. Mchawi ni mtu anayeroga watoto wa jirani, na kuitwa mchawi si mzaha: Kilifi na Kisii kuna wazee waliouawa kwa kusingiziwa neno hilo. Kenya ina hata Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya mwaka 1925, inayomwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo ili kutisha watu. Sasa ongeza kitenzi. Kufungua kitu kilichofungwa ni kukiachilia, kwa hiyo bango linamwomba mama aliye kwenye foleni ya supamaketi auachilie uchawi nyumbani kwake mwezi wa Desemba, na juu yake kuna mkono wa mtoto. Mtu akisema "lakini kamusi inasema hivyo", kamusi haijakosea. Imejibu swali la maana ya neno, na bango liliuliza jingine kabisa.

Huyu basi huonekana mapema na kukatwa mapema. Anayenipa hofu ni wa pili, kwa sababu hana kosa la sarufi, hana neno baya, na mtu aliye ofisini London akiuliza kama ni Kiswahili sahihi atajibiwa ndiyo. "Maajabu" ni neno zuri. Ukifungua mkebe ukakuta maajabu, nani atalalamika?

Msome sasa kwa jicho la mtu wa Nairobi. Neno "maajabu" mtu huyo huliona mara nyingi kuliko unavyodhani, na huliona mahali pamoja: kwenye mabango ya krusedi, yale yanayobandikwa ukutani na kwenye nguzo za stima, yenye picha ya mhubiri akishika maikrofoni na mkewe kando. "Ishara na maajabu" ni maneno ya Biblia, na wahubiri wamelitumia pacha hilo hadi limekuwa lao. Halafu kuna "fungua", ambalo nalo ni neno la kanisani: watu hufunguliwa minyororo, hufunguliwa milango, hufunguliwa vifungo vya ukoo. Ukiweka mawili hayo pamoja umetangaza mkesha. Na mtu asiye wa kanisani naye analo la kwake, kwa sababu mitaani maajabu ni mshangao wa mtu aliyechukizwa. Jirani akiuza kiti cha mwenye nyumba, watu husema "haya ni maajabu ya Musa". Hakuna anayesema hivyo kwa furaha.

"Msimu huu" nayo ina shida yake, ndogo ila ya kudumu. Kiingereza hutaja msimu bila kutaja Krismasi, na kila msomaji wake anajua ni upi. Sisi msimu tunauona kwanza kwenye mvua, kwenye maembe, kwenye ligi ya soka. Redio zetu zimezoea kusema "msimu wa sherehe" au "msimu wa Krismasi", na hilo linasikika sawa kabisa, lakini "msimu huu" ikiwa peke yake inaacha swali la msimu gani. Na Desemba ya Nairobi haina dalili yake hewani. Hakuna theluji, hakuna jua linalozama saa kumi. Dalili ya Desemba ni nauli kupanda na mabasi ya mashambani kujaa.

Kitu kingine kinachopotea kwa siri hapo ni nani anaongea na nani. Kitenzi cha Kiingereza kinawaamrisha watu wote kwa umbo moja, mmoja au elfu. Kiswahili hakikuachii. "Fungua" ni amri kwa mtu mmoja, "fungueni" ni kwa wengi, "ufungue" imelainishwa, "tufungue" inamjumuisha msemaji. Mtafsiri wa neno kwa neno huandika "fungua" bila kujua kwamba amechagua, kwa hiyo bango linamwamrisha mtu mmoja, tena kwa sauti kavu, bila tafadhali wala kucheka. Kwenye mkebe ni sawa, kwa sababu "fungua hapa" huandikwa kwenye mkebe. Kwenye bango la mita kumi na mbili kando ya Barabara ya Mombasa, inakuwa sauti ya mkubwa.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia hapa, nayo ni kutupa uchawi na maajabu na kuweka furaha. "Fungua furaha" haina dhambi. Pia haina ladha, maana kila benki na kila soda imeshaahidi furaha, na hakuna anayeweza kukuambia kesho bango hilo lilikuwa la nani. Mteja akiwa mgumu na siku zimeisha, mpe hiyo ulale.

Ila kama kuna nafasi ya kuandika upya, lazima kwanza ujue kaulimbiu ya Kiingereza ilikuwa inauza dakika gani. Haikuuza uchawi. Iliuza ile dakika mtoto hajajua ndani mna nini: zawadi iko mbele yake, karatasi bado haijararuka, na mwili mzima unangoja. Swali la mwandishi wa Nairobi ni dakika hiyo kwetu iko wapi. Si chini ya mti, kwa sababu nyumba nyingi hazina mti, na zawadi nyingi hazifungwi karatasi. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, mkate, khanga ya shosho, viatu vya mtoto wa dada, vyote hivyo huja ndani ya mfuko wa supamaketi au begi la gunia. Dakika yetu ni pale mtu wa Nairobi anaposhuka kwenye bodaboda mlangoni kwao kijijini, watoto wanakimbia kumpokea mzigo, na kabla hajanyoosha mgongo mmoja wao anauliza.

Anauliza: umetuletea nini?

Hapo ndipo mgombea wa tatu alipotoka, na ukimtazama kwa karibu utaona ana kila kitu ambacho yule wa Kiingereza alikuwa nacho. Kuna kungoja, kuna mtoto, kuna kitu kilichofichwa, na jibu limo ndani ya mkebe. Kilichobadilika ni anayesema. Kiingereza kiliongea na anayefungua, Kiswahili kinasema kwa mdomo wa anayengoja. Neno moja linabeba karibu hadithi nzima: wewe uliyefika, sisi tuliongoja, kitu kilichosafiri, na kwamba kilisafiri kwa ajili yetu.

Herufi zake si za bahati nasibu. Jaribu majirani zake uone. "Umeniletea nini?" inamfanya mtoto awe mbinafsi, na biskuti za mkebe si za mtu mmoja. "Mmetuletea nini?" inafaa kama picha ina baba, mama na gari, lakini wengi wa Nairobi husafiri peke yao au na mtoto mgongoni. "Umekuja na nini?" ni baridi, ni swali la mtu anayekagua. Na "Umebeba nini?" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa hilo ni swali la askari kwenye kizuizi cha barabarani, ambaye naye Desemba huwa na matumaini yake.

Hata muziki unakubali. Wimbo mdogo wa tangazo uliokuja na kampeni ulikuwa na mapigo mawili mazito, kwa sababu maneno ya Kiingereza yana silabi tano na mkazo unaanguka kwenye ya pili na ya nne. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno: umetule-TE-a NI-ni. Mapigo ni mawili vilevile, na kila moja linafuatwa na silabi nyepesi moja, sawasawa na la Kiingereza. Tofauti ni kwamba kabla ya pigo la kwanza Kiingereza kina silabi moja na sisi tuna nne, ume-tu-le. Mwimbaji anazipitisha upesi upesi kwenye nafasi ya noti moja, jambo ambalo mtoto anayekimbia kumpokea anko wake hufanya bila kufundishwa. Na ukihesabu herufi pamoja na nafasi na alama ya kuuliza, ni 16, idadi ile ile ya Kiingereza. Mchoraji wa bango hakubadilisha hata ukubwa wa maandishi, na nadra Kiswahili kumtendea mchoraji wema huo.

Kwa nini basi kuwe na mgombea wa nne? Kwa sababu wa tatu ana mwiba. "Umetuletea nini?" ni swali tamu likitoka kwa mtoto, na ni deni likitoka kwa mtu mzima. Mfanyakazi mwenzangu, mama wa makamo anayesimamia hesabu zetu, aliisoma akasema: "Kwani lazima?" Alikuwa na haki. Kuna watu wengi Nairobi ambao Desemba hawaendi nyumbani hasa kwa kulikimbia swali hilo. Kibarua kimeisha, karo ya Januari iko njiani, na mtu anaona afadhali aseme amepata zamu kazini kuliko afike mikono mitupu. Bango likikuuliza hivyo kila asubuhi ukiwa ndani ya matatu, linaweza kukuuma badala ya kukuchekesha.

Na kuna masikio mengine yanayolisikia swali hilo: ya siasa. Mheshimiwa akifika kwenye mkutano wa hadhara, wananchi huuliza ametuletea nini, na hawamaanishi sera. Kenya hupiga kura Agosti, kila mwaka wa tano, na ujao ni 2027. Desemba inayotangulia mwaka wa kura si wakati wa kuliweka swali hili mtandaoni kama hashtegi, maana kufikia saa sita mchana litakuwa limeshatekwa na watu wanaomuuliza mbunge wao kuhusu barabara. Bango halina shida hiyo, kwa sababu bango halijibiwi.

Mgombea wa nne alizaliwa kutokana na mwiba huo. "Sikukuu huanza ukifika" haimdai mtu chochote. Inasema wewe mwenyewe ndiwe zawadi, njoo tu. Ile "hu" ya "huanza" inaifanya kuwa desturi, jambo la kila mwaka, na "sikukuu" inawachukua watu wa Eastleigh na South C ambao Krismasi si yao lakini mapumziko ni yao na jamaa pia wanawatembelea. Kwa uzuri wa sentensi tu, mimi ningeichagua hii. Nimeisoma kwa sauti nikaipenda kuliko zote.

Tukaenda nazo zote nne steji ya Machakos hapa Nairobi, pale mabasi ya mashambani yanapopakia, tukazisoma kwa watu bila kuwaonyesha picha. Swali la kuuliza si "umeipenda?", kwa sababu mtu mwenye adabu atasema ameipenda. Tuliuliza mambo mawili: hii inauza nini, na ni nani anamwambia nani. Aliyetusaidia kuliko wote ni kijana anayeuza maji na biskuti kwenye madirisha ya mabasi, mtu anayeishi kwa kujua ni neno gani litamfanya abiria afungue dirisha. Kwa wa kwanza alicheka, akatazama pembeni, akacheka tena. Kwa wa pili alisema, "Bosi, hiyo ni krusedi ya pasta gani?" Kwa wa tatu hakungoja tumalize: "Hao ni watoto." Inauza nini? "Kitu tamu. Kitu ya kubeba." Wa nne alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema hiyo ni ya kampuni ya basi.

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko mikutano mingi. Sentensi nzuri iliyo tupu huweza kukaliwa na yeyote. "Sikukuu huanza ukifika" inaweza kuuza tiketi, inaweza kuuza vocha ya simu, inaweza kuuza matairi. Tena upande huo wa kwenda nyumbani una mwenyewe: M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 iliuzwa kwa kauli ya Kiingereza ya kutuma pesa nyumbani, na tangu hapo kampuni za simu zimekuwa zikiulima uwanja huo. Biskuti zikiingia humo bila kubeba chochote mkononi zitapotea. "Umetuletea nini?" haiwezi kuuza tiketi. Lazima kuwe na kitu ndani ya begi.

Kuhusu kucheka, neno moja. Mtu akicheka kabla ya kuelewa, sentensi imevunjika. Akicheka baada ya kuelewa, umepata. Na dalili nzuri kuliko kicheko ni mtu kuirudia akiwa ameibadilisha kidogo. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia mzigo wake alisema ya tatu kwa namna yake: "Anko, umetuletea nini?" Hiyo "anko" hatukuwa nayo. Iliingia kwenye tangazo la redio vile vile alivyoisema, kwa sababu iliondoa ule mwiba: ukisikia anko, unajua anayeuliza ana umri gani, na hakuna anayekasirikia mtoto. Redioni hakikisha sauti ni ya mtoto wa kweli, si mwigizaji mzima anayejikunja koo. Mwanaume mzima akisema "umetuletea nini", mtu wa Nairobi anasikia askari anayetaka kitu kidogo, na anatafuta leseni yake.

Kwenye meza kulikuwa na pendekezo la tano, nalitaja kwa sababu litaletwa kila mara palipo na kijana chumbani: "Fomu ni ushago." Ni Sheng safi, maana yake mpango ni kwenda kijijini, kila mtu Nairobi anaielewa, na ina mdundo. Inauza mpango wa kusafiri, si mkebe, kwa hiyo ina udhaifu ule ule wa nambari nne. Ila sababu kubwa ya kuiacha ni nyingine. Sheng ikiwa kwenye mdomo wa makanga wa matatu ni hai. Ikiwa kwenye bango la kampuni ya ng'ambo ni mzee aliyevaa kofia kinyumenyume, na huchakaa kabla ya gundi ya bango kukauka. Kiswahili cha kila siku cha Nairobi ni kitu tofauti. Safaricom walipouza "Niko na Safaricom", walimu wa lugha wangeweza kusema "nina", lakini hakuna aliyehisi kampuni inajifanya kijana. Waliongea kama watu wanavyoongea wakinunua sukuma.

Sasa uchague vipi kati ya nambari tatu na nambari nne, kama kazi kama hii ikikufikia? Mimi ningeanza na kile ambacho huruhusiwi kukigusa. Picha ikiwa imefungwa, kama hii yetu ya mkono wa mtoto ukirarua karatasi, nambari nne haikai, kwa sababu hakuna anayefika popote kwenye picha ile. Itabidi upate mlango, begi, mtu aliye na vumbi la safari. Nambari tatu inakaa juu ya picha hiyo hiyo bila kubadilisha kitu. Mkono ule ni wa huyo anayeuliza, na karatasi inararuka kwa sababu jibu limechelewa. Wimbo ukiwa umefungwa, hesabu mapigo: "Sikukuu huanza ukifika" ina matatu, si-ku-KU-u hu-A-nza u-ki-FI-ka, na kwenye wimbo wa mapigo mawili moja la hayo matatu litakanyagwa. Lakini kampuni ikikupa pesa ya kupiga picha zako, na bidhaa ikiwa kweli ni ya safari, basi au simu au mafuta ya gari, nambari nne inaishinda tatu waziwazi, na hakuna atakayekuuliza "kwani lazima?"

Kinachobaki ni kumshawishi mwenye pesa, na hapa ndipo tafsiri nzuri nyingi hufia. Kampuni za nje huomba tafsiri rejeshi, yaani Kiswahili chako kirudishwe kwenye Kiingereza neno kwa neno ili wao waone umesema nini. Utaratibu huo unampendelea mgombea mbaya. "Fungua maajabu" ikirudishwa inang'aa, inafanana na kaulimbiu yao kama pacha. "Umetuletea nini?" ikirudishwa ni swali kavu lisilo na zawadi, halina karatasi, halina ajabu, na meneja aliye mbali anauliza uchawi wake umeenda wapi.

Kwa hiyo usiitume tafsiri rejeshi peke yake. Chini yake tuliweka maelezo mafupi, kwa Kiingereza chepesi, yaliyosema hivi: hili ndilo swali ambalo watoto humuuliza jamaa anayefika kutoka mjini akiwa na mzigo, huulizwa kabla ya mzigo kufunguliwa, kila Mkenya aliyekulia kijijini ameliuliza akiwa mdogo na ameulizwa akiwa mkubwa. Kisha tukaeleza kwa sentensi moja nambari mbili inafanana na bango gani, na tukaambatisha picha ya bango la krusedi tuliyopiga kwenye ukuta ulio karibu na ofisi. Picha ile ilifanya kazi kuliko maelezo. Na malipo yakubaliwe kwa kazi nzima, maana anayelipa kwa idadi ya maneno atakulipa maneno mawili, na ofisi ya fedha haitaona aibu kufanya hivyo.

Mpaka wa kazi hii uko wapi? Kaulimbiu ya tatu inavuka hadi Mombasa bila taabu, na huko inaweza kuamka tena wakati wa Idd, watoto wanapozunguka wakiomba mkono wa Idd, mradi usiifunge kwa neno "Krismasi". Tanzania pia itaeleweka, ila "anko" ya redio waulize wenyewe kwanza, na usijaribu kuirembesha kwa "kumenoga" ili isikike ya kwao. TTCL, kampuni ya simu ya huko, walishaitumia, "Rudi nyumbani kumenoga", na mtu wa Dar akiisikia kwenye biskuti atatafuta simu yake.